Muhtasari wa bodi wa kupitisha hesabu za mwaka na gawio: namna ya kuuandika, pamoja na maneno yake

Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi katika mihutasari ya aina hii ni la kitenzi kimoja. Bodi imekaa, imepitia hesabu za mwaka, imeridhika, halafu katibu anaandika: "Bodi ilitangaza gawio la shilingi kadhaa kwa kila hisa." Sentensi inasomeka vizuri, lakini ukifungua katiba ya kampuni iliyosajiliwa BRELA, mara nyingi utakuta kwamba gawio la mwisho wa mwaka hutangazwa na wanahisa katika mkutano mkuu, na kwamba wanahisa hawawezi kupitisha kiasi kinachozidi kile ambacho bodi imependekeza. Kwa hiyo kazi ya bodi hapo ni kupendekeza. Gawio ambalo bodi yenyewe inaweza kuliamua na kulilipa ni gawio la awali, lile la katikati ya mwaka, ikiwa katiba inairuhusu.

Tofauti hiyo ina uzito wa fedha. Gawio la mwisho likishatangazwa na wanahisa, linakuwa deni la kampuni kwa kila mwanahisa, na mwanahisa anaweza kulidai. Lililopendekezwa tu na bodi bado si deni. Katibu anayeandika "ilitangaza" anampa mwanahisa mwenye haraka karatasi ya kudai nayo, na anampa mhasibu tarehe isiyo sahihi ya kuingiza deni kwenye vitabu. Kabla ya kuandika neno lolote, soma kifungu cha gawio katika katiba ya kampuni yako. Mengine yote yanafuata kutoka hapo.

Mwongozo huu ni wa kampuni binafsi ya hisa iliyosajiliwa Tanzania Bara chini ya Sheria ya Kampuni, Sura ya 212. Nitatumia mfano mmoja wa kubuni hadi mwisho ili tarakimu zionekane zinavyoshikana.

Kampuni ya mfano

Ni kampuni ya kusaga nafaka. Ina hisa 200,000 za shilingi 1,000 kila moja, na wanahisa watatu, wote ni watu binafsi wakaazi wa Tanzania: wa kwanza ana hisa 120,000, wa pili 50,000, wa tatu 30,000. Wote watatu ni wakurugenzi, na kuna mkurugenzi wa nne asiye na hisa. Katibu wa kampuni si mkurugenzi. Akidi ya bodi kwa mujibu wa katiba ni wakurugenzi watatu. Mwaka wa fedha uliishia tarehe 31 Desemba 2024, na kikao cha bodi kimepangwa Alhamisi tarehe 24 Aprili 2025.

Hesabu zinaonyesha faida baada ya kodi ya shilingi 186,000,000. Mwaka ulianza na hasara iliyolimbikizwa ya shilingi 38,000,000, kwa hiyo limbikizo la faida mwisho wa mwaka ni shilingi 148,000,000. Jumla ya mali ni shilingi 612,000,000. Ndani ya ile faida ya mwaka kuna shilingi 52,000,000 (baada ya kodi iliyoahirishwa) zilizotokana na ghala la kupangisha kuthaminiwa upya. Ghala halijauzwa. Limepanda thamani kwenye karatasi tu, na jambo hilo litaturudia tukifika kwenye gawio.

Kabla ya kikao: nini kiwe kwenye jalada

Taarifa ya kikao na ajenda zitoke kwa muda unaotakiwa na katiba. Makabrasha yaende mapema kiasi cha mkurugenzi kuweza kuyasoma, maana muhtasari utasema kwamba bodi "ilipitia na kujadili", na maneno hayo lazima yawe kweli. Siku saba zinatosha kwa kampuni ya ukubwa huu.

Ndani ya kabrasha kuwe na rasimu ya mwisho ya taarifa za fedha zenyewe: mizania, taarifa ya faida na hasara, mabadiliko ya mtaji, mtiririko wa fedha na maelezo yake. Kwa Tanzania ongeza nyaraka mbili ambazo wageni huzisahau. Ya kwanza ni taarifa ya wenye dhamana ya uongozi, inayoandaliwa kwa kufuata kiwango cha NBAA kiitwacho TRFS 1. Ya pili ni tamko la mkuu wa fedha, ambamo mhasibu aliyesajiliwa na NBAA anathibitisha kwa jina, saini na namba yake ya usajili kwamba hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango. Tamko hilo linatokana na Sheria ya Usajili wa Wahasibu na Wakaguzi Na. 33 ya 1972 kama ilivyorekebishwa mwaka 1995. Nimewahi kuona hesabu zikirudishwa kwa sababu ya ukurasa huo mmoja uliokosa saini.

Weka pia rasimu ya ripoti ya mkaguzi, rasimu ya barua ya uthibitisho ambayo uongozi humwandikia mkaguzi, makadirio ya fedha ya miezi 12 ijayo, jedwali la mhasibu la faida inayoweza kugawiwa, na mkataba wa mkopo wa benki kama upo. Mikataba mingi ya mikopo inakataza kulipa gawio bila kibali cha maandishi cha benki. Kibali hicho kiombwe kabla ya kikao, kisisubiri hadi fedha zimeshalipwa.

Kichwa, mahudhurio na akidi

Sehemu hii ni fupi, lakini ndiyo mwanasheria wa upande wa pili huisoma kwanza pakitokea mgogoro. Andika jina kamili la kampuni na namba ya usajili, aina ya kikao, tarehe, saa na mahali. Tenganisha wajumbe na waalikwa, kwa sababu mhasibu na mkaguzi hawahesabiwi kwenye akidi wala hawapigi kura.

> MUHTASARI WA KIKAO CHA BODI YA WAKURUGENZI WA ……… LIMITED (Namba ya usajili ………) KILICHOFANYIKA TAREHE 24 APRILI 2025, SAA 4:00 ASUBUHI, KATIKA OFISI ZA KAMPUNI, ………
>
> Waliohudhuria: ……… (Mwenyekiti), ……… (Mkurugenzi), ……… (Mkurugenzi)
>
> Aliyehudhuria kwa njia ya video: ……… (Mkurugenzi)
>
> Katibu: ………
>
> Waalikwa: ……… (Mhasibu Mkuu), kwa ajenda ya 4 na 5; ……… (mwakilishi wa wakaguzi wa nje), kwa ajenda ya 4 pekee
>
> 1. Kufungua kikao. Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:05 asubuhi. Katibu alithibitisha kwamba taarifa ya kikao ilitumwa kwa wakurugenzi wote kwa muda unaotakiwa na katiba ya kampuni, na kwamba akidi ya wakurugenzi watatu imetimia.

Mjumbe wa video anahesabiwa tu kama katiba inaruhusu hivyo. Kama haiko wazi, hakikisha akidi inatimia kwa waliopo chumbani. Na mjumbe akichelewa au akitoka, andika saa na ajenda iliyokuwa ikijadiliwa. Kama wakurugenzi walikuwa watatu na mmoja akatoka kupokea simu wakati azimio la gawio linapitishwa, azimio hilo halikuwa na akidi, hata kama alirudi dakika tano baadaye.

Baada ya hapo linakuja tamko la maslahi. Kwenye kampuni za kifamilia watu hulipita haraka kwa kuwa kila mtu anajua nani ana hisa ngapi. Bado liandike:

> 2. Tamko la maslahi. Wakurugenzi ………, ……… na ……… walitamka kwamba ni wanahisa wa kampuni wenye hisa 120,000, 50,000 na 30,000 kwa mfuatano huo, na kwamba watanufaika na gawio lolote litakalolipwa kwa kiwango kilekile kwa kila hisa. Mkurugenzi ……… alitamka kwamba hana hisa. Hakuna maslahi mengine yaliyotamkwa. Bodi ilizingatia kwamba katiba ya kampuni inawaruhusu wakurugenzi hao kushiriki na kuhesabiwa kwenye akidi kwa ajenda hii.

Sentensi ya mwisho iweke tu ikiwa umekisoma kifungu cha katiba na kinasema hivyo. Halafu kuthibitisha muhtasari uliopita na yatokanayo, ambavyo nadhani havihitaji maelezo.

Ajenda ya hesabu: maneno ya kupitisha

Hapa makatibu wengi huandika mstari mmoja: "Hesabu zilipitishwa." Hautoshi, kwa sababu mbili. Kwanza, hausemi ni hesabu zipi. Katika wiki za mwisho za ukaguzi huwa kuna rasimu nne au tano zinazozunguka kwenye barua pepe, na muhtasari usiotaja tarakimu hauwezi kuthibitisha ipi ilikuwa mezani. Ndiyo maana huwa nataja faida baada ya kodi na jumla ya mali ndani ya azimio lenyewe, na mwenyekiti huweka saini fupi kwenye kila ukurasa wa nakala iliyojadiliwa. Pili, wajibu wa kuandaa hesabu zinazoonyesha hali halisi ni wa wakurugenzi, hata kama kazi yote imefanywa na mhasibu, na muhtasari unapaswa kuonyesha kwamba waliutekeleza.

> 4. Taarifa za fedha za mwaka ulioishia tarehe 31 Desemba 2024
>
> 4.1 Mhasibu Mkuu aliwasilisha rasimu ya mwisho ya taarifa za fedha, iliyoandaliwa kwa kufuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha (IFRS) na Sheria ya Kampuni, Sura ya 212, pamoja na taarifa ya wenye dhamana ya uongozi na tamko la mkuu wa fedha. Taarifa zinaonyesha faida baada ya kodi ya shilingi 186,000,000 na jumla ya mali ya shilingi 612,000,000.
>
> 4.2 Bodi ilihoji msingi wa kuthamini upya ghala la kupangisha. Mhasibu Mkuu alieleza kwamba thamani imetokana na ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, na kwamba ongezeko la shilingi 52,000,000 baada ya kodi iliyoahirishwa limo ndani ya faida ya mwaka lakini halijapatikana kwa fedha taslimu. Bodi iliridhika na maelezo hayo.
>
> 4.3 Mwakilishi wa wakaguzi alieleza kwamba ukaguzi umekamilika isipokuwa mambo yafuatayo: kupitishwa kwa taarifa za fedha na bodi, kupokea barua ya uthibitisho iliyosainiwa, na kuhitimisha mapitio ya matukio ya baada ya mwisho wa mwaka. Wakaguzi wanatarajia kutoa maoni yasiyo na dosari.
>
> 4.4 Bodi ilipitia makadirio ya fedha ya miezi 12 kuanzia tarehe ya kikao na kuridhika kwamba kampuni ina uwezo wa kuendelea na biashara, na kwamba ni sahihi taarifa za fedha kuandaliwa kwa msingi wa uendelevu wa biashara.
>
> 4.5 Wakurugenzi walithibitisha kwamba, kwa kadiri wanavyofahamu, hakuna tukio lililotokea kati ya tarehe 31 Desemba 2024 na tarehe ya kikao linalohitaji kurekebishwa au kuelezwa kwenye taarifa za fedha, zaidi ya yaliyokwishaelezwa.
>
> BODI ILIAZIMIA KWA KAULI MOJA KWAMBA:
>
> (a) taarifa za fedha za mwaka ulioishia tarehe 31 Desemba 2024, kama zilivyowasilishwa na kusainiwa kwa ufupi na Mwenyekiti kwa utambulisho, pamoja na taarifa ya wenye dhamana ya uongozi, zimepitishwa na zimeidhinishwa kutolewa leo tarehe 24 Aprili 2025;
>
> (b) wakurugenzi ……… na ……… wameidhinishwa kuzisaini kwa niaba ya Bodi;
>
> (c) barua ya uthibitisho kwa wakaguzi imepitishwa, na Mwenyekiti pamoja na Mhasibu Mkuu wameidhinishwa kuisaini;
>
> (d) taarifa za fedha zilizokaguliwa ziwasilishwe kwa wanahisa katika mkutano mkuu wa mwaka.

Maneno "zimeidhinishwa kutolewa" katika (a) yana kazi yake. Kiwango cha IAS 10 kinataka taarifa za fedha zenyewe zitaje tarehe zilipoidhinishwa kutolewa na nani aliidhinisha. Tarehe hiyo inatoka kwenye muhtasari huu, kwa hiyo zisipolingana, mmoja wenu amekosea.

Kipengele cha 4.2 kipo kwa makusudi. Muhtasari usio na swali hata moja hauonyeshi kwamba bodi ilifikiri. Si lazima kuandika kila neno lililosemwa, na majina ya waliouliza huwa siyaandiki, lakini jambo moja au mawili yaliyohitaji uamuzi wa kweli yaandikwe pamoja na jibu lake.

Mpangilio wa tarehe

Mkaguzi hawezi kutia saini ripoti yake kabla wenye mamlaka hawajakubali kwamba hesabu ni zao. Hivyo ndivyo kiwango cha ukaguzi cha ISA 700 kinavyotaka. Barua ya uthibitisho nayo iwe karibu kadiri inavyowezekana na tarehe ya ripoti, na isiwe ya baadaye. Mfuatano basi ni huu: bodi inapitisha, wakurugenzi wanasaini hesabu na barua, kisha mkaguzi anasaini. Yote yanaweza kufanyika siku moja. Katika mfano wetu bodi inakaa tarehe 24 Aprili na mkaguzi anasaini tarehe 25.

Niliwahi kukabidhiwa majalada ya kampuni moja ambayo ripoti ya mkaguzi ilikuwa ya tarehe 28 Machi, na muhtasari wa bodi wa tarehe 15 Aprili. Hesabu zilikuwa safi kabisa. Lakini benki iliyokuwa ikipitia maombi ya mkopo iliuliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: mkaguzi alikagua hesabu za nani, kama bodi ilikuwa bado haijazikubali? Ilichukua wiki tatu za barua. Ukiona mkaguzi ameshaandika tarehe kwenye rasimu yake, mpigie kabla ya kikao.

Gawio: hesabu kwanza, azimio baadaye

Bodi ina maswali mawili ya kujibu, na lazima yajibiwe kwa mfuatano. Je, kuna faida ya kugawa? Je, kuna fedha za kulipa bila kuwakwamisha wanaoidai kampuni?

Kwa swali la kwanza, chukua limbikizo la faida la shilingi 148,000,000. Humo hasara ya miaka ya nyuma imeshatolewa. Sasa ondoa shilingi 52,000,000 za ghala, maana ni faida ambayo haijapatikana, na kuigawa ni kugawa mtaji kwa jina la faida. Zinabaki shilingi 96,000,000. Hicho ndicho kikomo. Bodi inayotazama faida ya mwaka ya shilingi 186,000,000 peke yake inaweza kupendekeza gawio la shilingi 100,000,000 ikiamini imeacha akiba nzuri, kumbe imeshavuka mstari. Hatari hii iko kwenye kampuni yoyote yenye majengo ya kupangisha yanayothaminiwa kila mwaka.

Kwa swali la pili, makadirio ya fedha ndiyo hujibu. Tuseme pendekezo la kwanza lilikuwa shilingi 400 kwa hisa, yaani shilingi 80,000,000. Liko chini ya kikomo. Lakini makadirio yanaonyesha kwamba mwezi Agosti, kampuni inaponunua mahindi kwa wingi, salio la benki lingeshuka hadi hasi shilingi 13,000,000. Kwa shilingi 240 kwa hisa, yaani shilingi 48,000,000, salio la chini kabisa la mwaka linakuwa shilingi 19,000,000. Mwezi wa hatari ndio unaotafutwa hapa, si salio la leo. Mkurugenzi anayesema "benki tuna hela" anatazama mwezi usiohusika.

Haya yote yaingie kwenye muhtasari, kwa sababu kampuni ikifilisika miaka miwili baadaye, huu ndio ushahidi wa wakurugenzi kwamba walipima kabla ya kugawa.

> 5. Pendekezo la gawio la mwisho
>
> 5.1 Mhasibu Mkuu aliwasilisha jedwali linaloonyesha kwamba faida inayoweza kugawiwa, baada ya kuondoa ongezeko la thamani la shilingi 52,000,000 ambalo halijapatikana, ni shilingi 96,000,000. Jedwali limeambatishwa kama Kiambatisho A.
>
> 5.2 Bodi ilijadili pendekezo la shilingi 400 kwa kila hisa na kulikataa, kwa kuwa lingeacha kampuni na upungufu wa fedha mwezi Agosti 2025. Kwa gawio la shilingi 240 kwa kila hisa, salio la chini kabisa katika kipindi cha miezi 12 linakadiriwa kuwa shilingi 19,000,000 (Kiambatisho B).
>
> 5.3 Katibu aliwasilisha barua ya benki ya tarehe ……… inayoridhia kulipwa kwa gawio lisilozidi shilingi 50,000,000.
>
> 5.4 Kwa kuzingatia hayo, wakurugenzi waliridhika kwamba gawio hilo litatoka kwenye faida inayoweza kugawiwa, na kwamba baada ya kulilipa kampuni itaendelea kuwa na uwezo wa kulipa madeni yake kadiri yanavyoiva.
>
> BODI ILIAZIMIA KWA KAULI MOJA KWAMBA:
>
> (a) inapendekeza kwa wanahisa gawio la mwisho la shilingi 240 kwa kila hisa ya kawaida, jumla shilingi 48,000,000, kwa mwaka ulioishia tarehe 31 Desemba 2024;
>
> (b) iwapo wanahisa wataliidhinisha, gawio lilipwe tarehe 12 Juni 2025, baada ya kukatwa kodi ya zuio, kwa wanahisa watakaokuwa kwenye daftari la wanahisa saa za kufunga kazi tarehe 22 Mei 2025;
>
> (c) gawio hili lisiingizwe kama deni katika taarifa za fedha za tarehe 31 Desemba 2024, bali lielezwe kwenye maelezo ya taarifa hizo;
>
> (d) Katibu aitishe mkutano mkuu wa mwaka tarehe 22 Mei 2025.

Kipengele (c) kinafuata IAS 10: gawio lililoamuliwa baada ya mwisho wa mwaka si deni la mwaka uliokwisha. Nimekuta wahasibu wakiliingiza kwenye mizania ya Desemba kwa sababu "linahusu mwaka huo". Linahusu faida ya mwaka huo, lakini wajibu wa kulilipa unazaliwa siku wanahisa wanapolipitisha. Njia rahisi ya kugundua kosa hili ni kutazama madeni ya muda mfupi kwenye mizania kabla ya kikao: ukiona mstari wa "gawio linalodaiwa" na hakuna mkutano mkuu uliofanyika kabla ya Desemba, rudisha rasimu kwa mhasibu.

Kama bodi inaamua gawio la awali, azimio linabadilika. Hapo andika "Bodi iliamua, kwa mamlaka iliyopewa na kifungu cha ……… cha katiba ya kampuni, kulipa gawio la awali la shilingi ………". Kifungu kitajwe kwa namba. Badala ya hesabu zilizokaguliwa, rejea hesabu za ndani za karibuni na utaje tarehe yake, na uziambatishe.

Baada ya kikao

Taarifa ya mkutano mkuu wa mwaka inahitaji siku 21. Katika mfano wetu inatumwa tarehe 28 Aprili pamoja na hesabu zilizosainiwa na ripoti ya mkaguzi, na muda unatosha. Azimio la wanahisa sasa ndilo linalobeba kitenzi kile kingine:

> ILIAZIMIWA kwamba gawio la mwisho la shilingi 240 kwa kila hisa ya kawaida kwa mwaka ulioishia tarehe 31 Desemba 2024, kama lilivyopendekezwa na Bodi, limetangazwa na lilipwe tarehe 12 Juni 2025 kwa wanahisa waliokuwa kwenye daftari tarehe 22 Mei 2025.

Kisha malipo. Kodi ya zuio kwa gawio la kampuni isiyo kwenye soko la hisa ni asilimia 10 kwa wanahisa kama hawa. Mwanahisa wa hisa 120,000 ana gawio la shilingi 28,800,000, anakatwa 2,880,000, anapokea 25,920,000. Wa hisa 50,000 ana 12,000,000, anakatwa 1,200,000, anapokea 10,800,000. Wa hisa 30,000 ana 7,200,000, anakatwa 720,000, anapokea 6,480,000. Jumla ya kodi ni shilingi 4,800,000, na wanahisa wanapokea shilingi 43,200,000. Kila mmoja apewe hati ya gawio inayoonyesha tarakimu hizo tatu. Mwanahisa akiwa kampuni yenye robo ya hisa au zaidi, kiwango kinaweza kuwa kingine, kwa hiyo usinakili asilimia 10 bila kutazama daftari la wanahisa.

Kodi hiyo hupelekwa TRA ndani ya siku 7 baada ya mwisho wa mwezi ilipokatwa. Iliyokatwa Juni inatakiwa ifike tarehe 7 Julai, na hiyo ni Sabasaba, sikukuu. Kwa 2025 inaangukia Jumatatu, kwa hiyo siku salama ya mwisho ya kwenda benki ni Ijumaa tarehe 4. Usisahau pia kwamba ritani ya kodi ya mapato ya kampuni inatakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwisho wa mwaka, yaani kufikia 30 Juni, na inabebwa na hesabu hizihizi.

Saini, nakala ya benki na makosa yanayogunduliwa baadaye

Muhtasari uliosainiwa na mwenyekiti wa kikao hicho, au wa kikao kinachofuata, hukubaliwa kama ushahidi wa kilichofanyika. Desturi ya kusubiri kikao kinachofuata kuuthibitisha haifai sana hapa, kwa sababu mkaguzi na benki wanauhitaji wiki hiyohiyo. Mimi huuandaa muhtasari wa ajenda ya 4 na 5 kabla ya kikao kama rasimu, naurekebisha kulingana na mjadala, wakurugenzi wanausoma kabla ya kuondoka, na mwenyekiti anausaini siku hiyo. Kikao kinachofuata kinauthibitisha kama kawaida.

Benki isipewe muhtasari mzima. Ipewe dondoo yenye azimio inalolihitaji tu, na chini yake: "Ninathibitisha kwamba hii ni nakala halisi ya azimio lililopitishwa na Bodi ya Wakurugenzi katika kikao halali cha tarehe 24 Aprili 2025, na kwamba azimio hilo halijafutwa wala kurekebishwa." Katibu anasaini, pamoja na mkurugenzi mmoja.

Kosa likigunduliwa baada ya saini, usichape ukurasa upya na kuubadilisha kwenye daftari. Kama ni kosa la uandishi, kwa mfano hisa 20,000 badala ya 200,000, kikao kinachofuata kiandike kwenye yatokanayo kwamba kipengele fulani kilikosewa na kisomeke hivi, na mwenyekiti asaini pembeni ya kosa bila kulifuta. Kama kosa ni la tarakimu za hesabu zenyewe, muhtasari hautibiki peke yake. Mkaguzi aelezwe mara moja, hesabu zirekebishwe, bodi ikae tena na kupitisha upya kwa tarehe mpya, na mkaguzi atoe ripoti mpya. Na kama gawio lilishalipwa kwa kuzidi kile kikomo, liandikwe kwenye kikao hichohicho ni kiasi gani kimezidi, nani alipokea, na mwanahisa yupi atarudisha kiasi gani na lini.